Maelezo ya laivu ya dera na leso: yaliyoandikwa Ijumaa, yaliyohaririwa Jumamosi, na pesa zilizokwama katikati

Kisa hiki ni cha duka la nguo za kike kisiwani Mombasa, upande wa mtaa wa Biashara, linalouza kwa laivu ya YouTube kila Ijumaa usiku. Tumekipanga kwa ajili ya uchambuzi: bei ni za mfano na duka halina jina, ila makosa yake hayakubuniwa, ni yale yanayojirudia kila mahali watu wanapouza laivu na kulipwa kwa M-Pesa. Kinachochambuliwa si laivu yenyewe. Ni yale maandishi ya chini ya video, yenye vitu, bei, njia ya kulipa na masharti ya kupelekewa mzigo, na hasa kile kinachoyapata asubuhi yake mtu anapoyafungua ili "kuyasafisha".

Ijumaa saa moja na nusu usiku, nusu saa kabla ya kuingia laivu, maelezo yaliandikwa hivi:

> OFA ZA LAIVU LEO! Nguo kali bei poa
> Lipa: Till (namba ya duka)
> Leso 650
> Dera 1,350
> Abaya 3,500
> Kikoi 900
> Mtandio 300
> Kuletewa: Kisiwani 150, Nyali 200, Bamburi 250, Mtwapa 300, Likoni 250. Bara tunatuma.
> Mwisho wa kulipa saa 6.
> WhatsApp: wa.me/07XXXXXXXX

Ukiyasoma haraka huoni kasoro. Vitu vipo, bei zipo, pa kulipa papo, na mteja wa Mtwapa anajua ataongeza ngapi. Wauzaji wengi hawafiki hata hapo. Lakini maelezo haya yanamtegemea mtangazaji ayajazie kwa mdomo, na mtangazaji naye ana shughuli zake: anakunjua nguo, anasoma chati, anajibu "sasa hivi dadangu".

Laivu ilianza saa mbili usiku ikaisha saa tatu na nusu. Kwenye dakika ya 34 mtangazaji aliinua dera akasema, "Hili kwa walio laivu ni elfu moja na mia mbili tu." Rangi zilikuwa tatu: kijani, urujuani na damu ya mzee. Hakusema bei hiyo inakoma lini, wala hakuna aliyeigusa ile 1,350 iliyokuwa imeandikwa chini. Leso zilikwisha kabla laivu haijaisha, na vikoi pia. Damu ya mzee ilibaki moja, ikachukuliwa usiku huohuo.

Jumamosi saa tatu asubuhi kijana wa duka akafungua YouTube Studio, akaingia kwenye video, akafuta mistari ya leso na kikoi kwa sababu mali imekwisha. Dera akaliacha 1,350. Mtwapa akaibadilisha kutoka 300 kuwa 400, kwa kuwa mtu wa boda alikuwa amekataa kwenda kwa mia tatu. Juu kabisa akaandika "Ofa imeisha", akahifadhi. Kazi ya dakika mbili. Hadi Jumapili jioni duka lilikuwa na malipo manne yasiyoeleweka.

Malipo mawili ya 1,500

Anzia hapa, maana hapa ndipo shina la tatizo lilipo.

Mteja wa kwanza, wa Mtwapa, alilipa Ijumaa saa 10:41 PM kwa mujibu wa ujumbe wake wa M-Pesa. Alisikia dera 1,200, akaongeza 300 za Mtwapa, akatuma 1,500. Mteja wa pili, wa Kisiwani, alilipa dakika chache baadaye. Yeye sauti ya simu yake ilikuwa chini, akaenda na maandishi: dera 1,350, Kisiwani 150, jumla 1,500.

Kwenye taarifa ya Till haya ni malipo mawili yanayofanana. Unapolipa kupitia Buy Goods and Services, menyu inakuuliza Till, kiasi na PIN, basi. Hakuna pa kuandika kitu unachonunua. Paybill ndiyo yenye nafasi ya namba ya akaunti, ambayo muuzaji anaweza kuifanya iwe namba ya bidhaa. Kwa hiyo mwenye Till hana njia ya kujua 1,500 ni ya nini mpaka mteja amwambie, na maelezo haya hayakumwambia mteja aseme lolote. Yeye alilipa, akakaa akingoja mzigo.

Kuna jambo jingine lililozidisha. Kiungo cha WhatsApp kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Namba ndani ya wa.me huandikwa na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele: wa.me/2547XXXXXXXX. Ukiandika 07 kiungo kinafunguka vizuri tu, kisha WhatsApp inasema namba si sahihi. Mteja anadhani duka limefunga simu, na duka linadhani wateja hawaulizi. Njia pekee iliyobaki ya kujieleza ikawa chati ya laivu, na laivu ilikwisha kabla hawa wawili hawajalipa.

Jumamosi kijana alipopanga mizigo alichukua bei zilizokuwa mbele yake, yaani zile alizokwisha kuhariri. 1,500 ya kwanza ikalingana na Kisiwani, akaipa Kisiwani. 1,500 ya pili nayo ikalingana na Kisiwani. Mteja wa Mtwapa alipopiga simu kuuliza mzigo wake, hesabu aliyopewa ikawa dera 1,350 na Mtwapa 400, jumla 1,750, akatakiwa aongeze 250.

"Dada, jana mlisema elfu na mia mbili, na Mtwapa mia tatu."

"Samahani dadangu, tazama chini ya video, bei ndiyo hiyo."

Jibu hilo ndilo la kuangaliwa kwa karibu. Mwuza anamwelekeza mteja kwenye maandishi yaliyobadilishwa saa kumi na ushei baada ya mteja kulipa. YouTube haimwonyeshi mtazamaji kwamba maelezo yamehaririwa, wala yalikuwaje awali, kwa hiyo kijana hakudanganya kwa kukusudia, alisoma kilichopo. Lakini mteja ana picha ya skrini ya Ijumaa usiku, ana ujumbe wa M-Pesa wenye saa, na video yenyewe dakika ya 34 inamuunga mkono. Duka lenyewe halikubakiwa na nakala ya lilichoandika.

Hukumu yetu ni kwamba mteja huyu hadaiwi kitu. Mapatano yalifungwa alipolipa, kwa bei iliyotajwa na nauli iliyoandikwa wakati ule. Boda kupandisha ni gharama ya duka kwa mizigo iliyokwisha lipiwa, na mteja wa kesho ndiye wa kuambiwa 400. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 inaelekea hukohuko: inamtaka anayeuza kwa mtandao amfahamishe mnunuzi mambo ya msingi kabla ya kuafikiana, ampe nakala ya makubaliano, na maneno yenye utata yakipatikana yanafasiriwa kwa faida ya mnunuzi. Maandishi yanayoweza kugeuzwa bila alama si nakala ya makubaliano ya mtu yeyote.

Mteja wa Kisiwani naye ana haki ambayo hakuidai. Alinunua usiku uleule wa ofa dera lilelile, akalipa 150 zaidi kwa sababu aliamini maandishi. Duka linaweza kusema hakuuliza. Kwa maoni yetu lirudishe 150, kwa kuwa bei mbili za kitu kimoja saa moja ni kosa la aliyeziweka, na mteja akija kugundua kwa jirani yake hatarudi. Pesa zirudi kwa namba ileile iliyolipa, na ujumbe wa WhatsApp utaje msimbo wa M-Pesa wa malipo yanayorudishiwa, ule wa herufi na tarakimu kumi unaoanza ujumbe. Bila hivyo, kesho marejesho hayo yenyewe yatakuwa fumbo jingine.

Saa 6 ipi?

Malipo ya tatu yalikuja Jumamosi 11:30 AM, shilingi 1,200 kamili bila nauli, kwa kuwa mteja angepita dukani mwenyewe. Kijana akayakataa: ofa ilikwisha saa sita usiku. Mteja akashangaa: maandishi yalisema mwisho saa 6, na yeye alilipa kabla ya saa sita mchana.

Aliyeandika alikuwa na usiku kichwani kwa sababu aliandika usiku. Aliyesoma asubuhi alikuwa na mchana. Juu ya hayo, M-Pesa inaandika saa kwa kufuata simu, 11:30 AM, huku watu wakihesabu saa tano na nusu, na wapo wateja wa bara ambao "saa 6" kwao ni jioni, pale simu inapoonyesha 6:00. Usomaji wa tatu huu haukuwezekana kwa Ijumaa, maana saa hiyo laivu ilikuwa bado kuanza, lakini mwingine wowote kati ya hiyo miwili unakubalika. Basi huyu naye auziwe kwa 1,200. Mstari ungeandikwa "Mwisho wa kulipa kwa bei ya laivu: Jumamosi saa 6:00 mchana (12:00 PM kwenye simu)" na pasingekuwa na neno. Siku, saa, kipindi cha siku, na jinsi itakavyoonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa. Vyote vinne, kwa sababu ujumbe huo ndio utakaotumika kuamua.

Aliyelipia kitu kisichokuwepo

Malipo ya nne ndiyo ya hatari zaidi, na yalisababishwa na uhariri peke yake. Jumapili mchana mtu wa Changamwe alitazama marudio. Akafika dakika ya 34, akapenda damu ya mzee, akasikia 1,200. Akashuka kwenye maelezo akaona dera bado limeandikwa, na mstari wa tatu kutoka juu una Till. Akalipa 1,200. Damu ya mzee haikuwepo tangu Ijumaa, na Changamwe haimo hata kwenye orodha ya kupelekewa.

Je, "Ofa imeisha" haikumtosha? Haikumtosha, kwa sababu haisemi ofa ya nini. Rangi haikutajwa popote, kwa hiyo mstari wa dera ulikuwa kweli kwa kijani na urujuani na uongo kwa damu ya mzee. Na Till ilikuwa imekaa juu ya kila kitu, kama mlango ulioachwa wazi baada ya duka kufungwa. Wakati wa laivu hapo ndipo mahali pake, maana YouTube huonyesha mstari mmoja au miwili tu kabla ya mtu kubonyeza aone zaidi. Laivu ikiisha, mistari hiyo miwili ibadilishe kazi. Mtu wa marudio anahitaji kuambiwa aulize kwanza, ndipo alipe.

Wengine hushauri kuifuta Till kabisa baada ya laivu. Hatukubaliani nao. Mteja aliyelipa Ijumaa akiwa na wasiwasi hurudi kwenye video kulinganisha namba, na akikuta imefutwa anaogopa. Zaidi ya hapo, matapeli hunakili video na maelezo ya maduka yenye wafuasi, wakaweka Till yao. Ya kwako ikiwa haipo, hakuna cha kulinganishia. Iache, ila ishuke chini ya onyo, na kando yake uandike jina la biashara kama linavyotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Ikitokea Till imebadilika kweli, usiibadilishe kimyakimya ndani ya maelezo ya zamani. Andika mpya, acha maneno kwamba ile ya awali haitumiki tangu tarehe fulani, na ubandike juu ya maoni mengine ya video ujumbe unaosema hivyohivyo.

Kufutwa kwa leso na kikoi nako kulileta usumbufu, ingawa si wa pesa. Kwenye video vinaonekana kwa muda mrefu tu, mtangazaji akivisifia. Mtazamaji akikosa mstari wake chini hadhani vimekwisha. Anadhani umesahaulika, anauliza. Siku mbili nzima duka lilijibu swali hilohilo. Kitu kilichoonyeshwa kwenye video kisifutwe kwenye maelezo. Kiandikiwe "kimekwisha".

Yangeandikwaje kabla ya laivu

Dawa kubwa si kuhariri vizuri; ni kuandika maelezo ambayo yatakubali kuhaririwa. Kila kitu kipewe namba fupi, na rangi au saizi yenye idadi yake iwe na namba yake. Kwa duka hili:

> Ukitaka kitu: andika NAMBA YAKE kwenye chati. Unawekewa dakika 30.
> Lipa Till (namba ya duka), jina litokee (jina la biashara). Kisha tuma WhatsApp: namba ya kitu + msimbo wa M-Pesa + mahali ulipo. wa.me/2547XXXXXXXX
> L1 Leso, pea (vipande viwili, haijakatwa wala kupindwa), 650. Zipo 12
> D1 Dera kijani 1,350, laivu 1,200. Yapo 5
> D2 Dera urujuani 1,350, laivu 1,200. Yapo 4
> D3 Dera damu ya mzee 1,350, laivu 1,200. Yapo 3
> A1 Abaya nyeusi, urefu inchi 54, 3,500. Ipo 1
> A2 Abaya nyeusi, urefu inchi 58, 3,500. Zipo 2
> Bei ya laivu mwisho Jumamosi saa 6:00 mchana (12:00 PM).

Kikoi na mtandio vinafuata vivyo hivyo. Tazama mstari wa leso. Mtu wa Mombasa hana haja ya kuambiwa leso ni pea, lakini laivu inaangaliwa na watu wa mbali, na wapo wanaotarajia ifike imekatwa na kupindwa tayari kuvaliwa. Abaya nazo huuzwa kwa urefu wa inchi, hivyo "abaya 3,500" haimwambii mtu kama itamfika kwenye kifundo au itaburura. Idadi nayo ina kazi mbili: inamwambia mteja wa sita wa D1 kwamba amechelewa, na inamlazimisha muuzaji kuhesabu kabla hajaingia hewani.

Bei ya laivu iandikwe kandokando ya bei ya kawaida tangu mwanzo, hata kama mtangazaji anataka kuitangaza kwa mbwembwe. Kama ni lazima iwe siri, basi mtu wa pili akae na simu nyingine aiandike mara itakapotajwa. Maelezo ya YouTube yanaharirika hata laivu ikiwa inaendelea.

Masharti ya kupeleka mzigo yaandikwe kwa kufuata jinsi boda anavyokwenda, siyo kwa majina ya mitaa tu. Likoni ndiyo mfano mzuri. Anayetembea kwa miguu anavuka feri bure, pikipiki inalipa na inapanga foleni. Kwa hiyo kuna bei mbili za Likoni, na ukiandika moja utagombana na mmoja kati ya mteja na boda:

> Kisiwani 150. Nyali, Kongowea 200. Bamburi 250. Mtwapa 300.
> Likoni: ukipokea kivukoni upande wa kisiwani 150, tukivuka 250.
> Sehemu isiyotajwa, pamoja na Changamwe na Miritini: uliza kabla ya kulipa.
> Nje ya Mombasa: tunapakia kwenye basi, nauli ya mzigo ni yako, tunakutumia picha ya risiti.
> Mizigo hutoka Jumamosi na Jumatatu mchana. Nauli hizi ni kwa waliolipa kabla ya Jumamosi saa 6:00 mchana.

Sentensi ya mwisho ndiyo ingelimaliza lile la Mtwapa. Boda akipandisha Jumamosi asubuhi, duka linajua wazi ni mizigo mingapi litalazimika kuibeba kwa bei ya zamani, na linapandisha kwa wanaofuata bila ugomvi.

Uhariri wa Jumamosi, hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa herufi moja, nakili maelezo yote uyabandike mahali pengine, kwa mfano ujumbe wa WhatsApp unaojitumia mwenyewe. Ujumbe huo una tarehe na saa, nao ndio kumbukumbu yako ya kilichokuwa kimeandikwa wateja walipolipa. Jambo hili ni la lazima kwa YouTube kwa sababu iliyotajwa, na kwa anayeuza Facebook ni la lazima zaidi: tangu Februari 2025 video za laivu huko hukaa siku 30 tu kisha hufutwa, na video ikifutwa hutabakiwa na cha kuonyesha.

Kisha toa taarifa ya Till, uilinganishe na jumbe za WhatsApp, namba kwa namba. Uhariri usianze mpaka kila malipo yamepata mwenyewe. Kijana wetu alianza na maandishi akamalizia na malipo, na ndiyo maana alipima pesa za jana kwa bei za leo.

Sasa ingia kwenye maelezo. Usifute, ongeza. Mistari miwili ya juu iseme hali ya sasa na tarehe. Vitu vibaki kwa mpangilio wao, kila kimoja kikiandikiwa kilipo. Kilichobadilika kiandikwe kimebadilika lini na kwa nani:

> LAIVU IMEKWISHA. Ukitazama marudio: uliza WhatsApp kama kipo KABLA ya kulipa.
> Maelezo haya yamehaririwa Jumamosi saa 7:00 mchana. Waliolipa kabla ya saa 6:00 mchana: bei na nauli zenu ni zilezile.
> 00:00 Salamu na masharti
> 08:15 L1 Leso, pea. IMEKWISHA
> 34:10 D1 Dera kijani, sasa 1,350. Yamebaki 2
> 34:50 D2 Dera urujuani, sasa 1,350. Limebaki 1
> 35:30 D3 Dera damu ya mzee. LIMEKWISHA
> 1:04:20 A2 Abaya inchi 58, 3,500. Imebaki 1
> Mtwapa 400 kwa oda za kuanzia Jumamosi saa 6:00 mchana (awali 300).

Dakika zilizo mwanzoni mwa mistari si pambo. YouTube huzigeuza kuwa sura za video, mteja akabonyeza D2 akapelekwa moja kwa moja. Ila zina masharti: ya kwanza lazima iwe 00:00, ziwe tatu au zaidi, zipangwe kwa kufuatana, na kila sura isipungue sekunde 10. Mtu akianza na 08:15 kwa sababu salamu haina bidhaa, sura hazitokei, naye hajui kwa nini. Kitu cha pili kinachowasumbua watu ni mishale. Maelezo ya YouTube hayakubali alama za < na >, hivyo aliyezoea kuandika "Mtwapa -> 400" atakataliwa kuhifadhi. Tumia nukta pacha. Jumla yote isizidi herufi 5,000, na kwa duka la vitu ishirini hutafika huko.

Kishawishi kikubwa cha Jumamosi ni kukata mwanzo wa video, ile dakika tano ya "mnanisikia? mnaniona?". Uache. Ukikata, dakika zote ulizoandika zinasogea, na marudio ya chati hayatapatikana tena kwenye video iliyopitishwa kwenye kihariri. Chati ndiyo inayoonyesha nani aliandika D3 kwanza. Watu wanne wakidai madera matatu, hakuna ushahidi mwingine. Kama salamu inakuudhi, ipe sura yake ya 00:00 na watu wataipita wenyewe.

Mwisho wa uhariri, jisomee ukijifanya wewe ni yule wa Changamwe. Umefika leo, hukuona laivu, unataka damu ya mzee. Ukisoma kutoka juu, je, unakutana na Till kabla hujajua kwamba kitu hakipo? Ikiwa ndiyo, bado hujamaliza.

Jambo moja lisiingie kwenye maelezo hata kwa nia njema: orodha ya waliolipa. Duka jirani huandika "wamelipa: fulani wa namba fulani" ili kujenga imani. Jina na namba ya simu ya mteja ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa vitendo ni orodha safi ya kumpa tapeli: anajua nani amenunua, kiasi gani, na kwamba anangoja simu ya kuletewa mzigo. Thibitisho liende kwa kila mteja kwenye WhatsApp yake, likitaja namba ya kitu, kiasi, msimbo na siku ya kupokea. Ujumbe huo mmoja ndio nakala ya makubaliano ambayo kuhariri kwa Jumamosi hakuwezi kuigusa.

Maelezo yakishahaririwa hivi yaachwe wazi mpaka mali ya laivu hiyo iishe au laivu ya Ijumaa inayofuata ianze, lolote litakalotangulia. Hapo badilisha mistari miwili ya juu tu: weka kiungo cha laivu mpya, na useme bei za hapa hazitumiki tena kwa oda mpya. Vilivyobaki vipewe namba mpya kwenye orodha mpya. Ukiacha D1 ya wiki iliyopita iwe kijani na D1 ya wiki hii iwe njano, utapokea ujumbe wa "D1" na 1,350, na hutajua ni ipi.